Lenzi ndefu, tripodi na picha iliyocheza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayepiga picha kwa lenzi ya 300mm kwenda juu, kamera ikiwa imefungwa kwenye tripodi, na bado anapata picha zisizo kali. Sehemu kubwa inahusu DSLR, maana ndizo zenye kioo ndani. Mwenye kamera isiyo na kioo aanze na swali la 1 hadi la 3, kisha aruke hadi la 13.

## Misingi

1. Kamera iko juu ya tripodi. Kwa nini picha bado inacheza?

Kwa sababu tripodi huzuia kamera isianguke wala isihame, lakini haizuii isitikisike. Lenzi ndefu, kichwa cha tripodi na miguu yake hufanya kitu kimoja chenye uzito juu na wembamba chini, na kitu cha namna hiyo kikiguswa huyumba kidogo kwenda na kurudi kabla ya kutulia.

Vyanzo vikubwa vya mguso huo ni vitatu. Cha kwanza ni kidole kinachobonyeza kitufe. Cha pili ni kioo cha kamera kinachoruka juu kabla ya shata kufunguka. Cha tatu kinatoka nje, yaani upepo, sakafu inayotikisika, au gari linalopita. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanatibu kidole wakati ugonjwa uko kwenye kioo.

2. Mbona lenzi yangu ya 50mm haina shida hii juu ya tripodi hiyohiyo?

Shida ipo, ila haionekani. Lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na mtikisiko wake yenyewe.

Chukua kamera ya pikseli milioni 45 yenye sensa kubwa ya 36 kwa 24mm. Pikseli moja ina upana wa takriban 0.0044mm. Ukiwa na lenzi ya 600mm, na mdomo wa lenzi uko sentimita 30 mbele ya mahali iliposhikwa na tripodi, mdomo huo ukipanda au kushuka 0.002mm tu, picha tayari imehama pikseli nzima. Unywele wa kichwani una unene wa mara thelathini hivi ya hapo. Kwa lenzi ya 50mm, kamera ingehitaji kuinama kwa pembe kubwa mara 12 ndipo picha ihame kiasi hichohicho.

Kwa hiyo usishangae tripodi iliyokutumikia vizuri kwa mandhari ya lenzi pana ikikuangusha siku ya kwanza ya lenzi ndefu.

3. Nitajuaje kama ni mtikisiko, na si fokasi?

Fungua picha kwenye kompyuta kwa asilimia 100 na utafute vitu viwili: nuru ndogo yenye kung'aa (taa ya mbali, tone la maji, mng'ao wa jicho) na mistari iliyonyooka (waya, nguzo, kingo za paa).

Fokasi ikikosea, nuru ndogo inakuwa duara lililovimba pande zote, na mara nyingi kuna mahali pengine kwenye picha, mbele au nyuma, palipo pakali. Mtikisiko hauna upendeleo huo: picha nzima inaharibika, mbele na nyuma. Nuru ndogo inakuwa kijistari, au nukta mbili zilizoungana, na kingo zinaonekana zimechorwa mara mbili.

Mwelekeo wa kijistari unasema mengi. Kioo hupigwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo kamera ikiwa imelala kawaida alama yake huwa ya juu-chini. Waya uliolala unakuwa mnene au wa mistari miwili, huku nguzo iliyosimama karibu nao ikibaki kali. Ukiona hivyo, mshitakiwa wa kwanza ni kioo.

Kuna uthibitisho mzuri zaidi. Izungushe kamera ndani ya pete ya lenzi hadi isimame wima, upige tena. Kijistari kikigeuka pamoja na kamera, chanzo kiko ndani ya kamera. Kikibaki na mwelekeo uleule wa dunia, angalia upepo, sakafu na tripodi yenyewe.

Jambo moja hudanganya watu: joto. Ukipiga kitu cha mbali juu ya ardhi iliyopata jua, hewa hucheza, na kingo zilizonyooka zinakuwa za mawimbi. Piga picha kadhaa mfululizo. Mawimbi yakibadilika umbo kutoka picha hadi picha, na sehemu moja ikiwa kali huku ya pembeni imeyeyuka, ni hewa. Hakuna tripodi wala rimoti itakayoisaidia. Rudi asubuhi mapema au sogea karibu.

## Kioo

4. Pigo la kioo ni nini hasa?

Ndani ya DSLR kuna kioo kilichowekwa kwa mshazari mbele ya sensa, kinachopeleka taswira kwenye dirisha unalochungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo hurushwa juu kwa spring ili kuipisha nuru, kisha kinagota kikifika mwisho wa safari. Mara tu baada ya hapo, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, shata inafunguka. Yaani picha inaanza kuandikwa wakati kamera bado inayumba kutokana na mgoto huo.

Sauti ya "klak" unayoisikia ni kioo pamoja na shata. Kurudi kwa kioo mwishoni hakudhuru kitu, kwa sababu shata imeshafungwa.

5. Ni kasi zipi za shata zilizo hatari?

Kwa ujumla eneo baya ni kati ya sekunde 1/60 na sekunde 1, na pabaya kuliko pote ni karibu na 1/30 hadi 1/4. Mipaka hiyo husogea kulingana na uzito wa lenzi na uimara wa tripodi, lakini sababu yake inaeleweka kirahisi.

Tuseme mfumo wako ukiguswa unayumba mara 10 kwa sekunde, na unatulia baada ya nusu sekunde. Mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi unachukua sekunde 1/10. Ukipiga kwa 1/1000, shata inakamata sehemu moja tu ya mia ya mzunguko huo, na kamera haijapata muda wa kwenda popote. Ukipiga kwa 1/10, unakamata yumbo zima, tena lile la mwanzo lenye nguvu kuliko yote. Ukipiga kwa sekunde 8, ile nusu sekunde ya kuyumba ni sehemu moja kati ya 16 ya muda wote. Zilizobaki 15 kamera imetulia, na ndizo zinazoijenga picha.

Ndiyo maana mtu anaweza kupata picha kali kwa 1/500 na kwa sekunde 10, halafu akaharibikiwa kwa 1/15 na asielewe. Kupunguza kasi ya shata kidogo kidogo ukiwa na lenzi ya 500mm hakukupeleki taratibu kutoka kwenye uzuri hadi ubaya. Kuna bonde katikati, na unaweza kutokea upande wa pili.

6. Nimenunua rimoti, mbona picha bado zinacheza?

Kwa sababu rimoti huondoa kidole, haiondoi kioo. Kioo kitaruka vilevile uwe umebonyeza kwa kidole, kwa waya au kwa simu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukiwa na DSLR ambayo kioo chake hakijainuliwa mapema, rimoti inaweza kukupa picha *mbaya zaidi* kuliko mkono. Mkono uliolala juu ya lenzi na uso uliogusana na kamera hunyonya mtikisiko wa kioo. Kamera iliyoachwa peke yake haina kitu cha kuunyonya. Nimeona wapiga picha wakiweka lenzi nzito juu ya tripodi, wakarudi nyuma hatua mbili na rimoti yao kwa nidhamu kabisa, wakapiga kwa 1/20, na kila picha ina kingo mbili.

Kanuni ninayoitetea ni hii: chagua moja kati ya njia mbili, usichanganye. Ama ondoa mikono kabisa *na* uinue kioo mapema, ama shika lenzi ipasavyo (swali la 14) na uache rimoti mfukoni. Rimoti peke yake, kwenye eneo la hatari la swali la 5, ni nusu ya dawa.

7. Kuinua kioo mapema kunafanywaje?

Kwenye DSLR za Nikon zenye uwezo huo, zungusha gurudumu la namna ya kupiga hadi `Mup`. Mbonyezo wa kwanza wa rimoti unainua kioo, subiri mtikisiko uishe, mbonyezo wa pili unafungua shata. Usipobonyeza mara ya pili, kamera inapiga yenyewe baada ya sekunde 30 hivi. Kwenye Canon tafuta `Mirror lockup` kwenye menyu. Ukiiunganisha na taima ya sekunde 2, mbonyezo mmoja unatosha: kioo kinapanda, sekunde mbili zinapita, picha inapigwa.

Nikon kadhaa zina pia `Exposure delay mode`, inayochelewesha shata baada ya kioo kupanda. Ni rahisi kuisahau ikiwa imewashwa, halafu siku ya pili ndege anaruka na kamera haifyatuki. Izime ukimaliza kazi.

8. Je, Live View inatosha badala ya kuinua kioo?

Mara nyingi ndiyo, maana kioo kinakuwa kimeshapanda tangu mwanzo. Lakini baadhi ya DSLR hukishusha na kukipandisha tena wakati wa kupiga hata ukiwa kwenye Live View. Sikiliza kwa makini: ukisikia milio mingi mizito badala ya mmoja mwepesi, kamera yako ni ya kundi hilo, na unahitaji njia ya swali la 7.

Faida nyingine ya Live View ni kukuza picha kwenye skrini mara 10. Hapo unaona mtikisiko kwa macho yako, na hii ndiyo njia bora ya kujua tripodi yako inachukua muda gani kutulia.

9. Nipimeje vifaa vyangu mwenyewe?

Inachukua kama nusu saa, na inamaliza ubishi wote. Huu ni mfano kwa lenzi ya 500mm.

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani na usogee mita 20 hivi, ndani ya jengo au mahali pasipo na upepo, kwenye nuru isiyobadilika. Zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi. Weka fokasi kwa mkono kupitia Live View iliyokuzwa, kisha usiguse tena pete ya fokasi. Weka f/8. Tuseme nuru inakupa sekunde 1/2 kwa ISO 100. Basi utakuwa na 1/8 kwa ISO 400, 1/30 kwa ISO 1600, na 1/125 kwa ISO 6400. Mwangaza ni uleule, kinachobadilika ni kasi tu.

Kwa kila kasi piga kwa namna tatu: kwa kidole, kwa rimoti bila kuinua kioo, na kwa rimoti kioo kikiwa juu baada ya kusubiri sekunde tano. Piga tatu tatu, kwa sababu mtikisiko una bahati ndani yake na picha moja kali haithibitishi kitu.

Kisha soma herufi ndogo za gazeti kwa asilimia 100. Usihukumu kwa chengachenga za ISO 6400, angalia kingo. Kidole kwa kawaida huharibu kasi zote za polepole, na kila picha inaharibika kivyake. Kioo huharibu kwa mpangilio: kwa 1/30 na 1/8 vijistari vilivyolala vya herufi vinanenepa au kuwa viwili, na picha zote tatu zinafanana. Safu ya tatu ikiwa safi huku ya pili imeharibika, umempata mhalifu. Safu zote tatu zikiharibika hata kioo kikiwa juu, acha kukilaumu kioo. Nenda swali la 11.

## Rimoti na taima

10. Niwe na rimoti ya waya, ya redio, au taima inatosha? Na sekunde 2 zinatosha?

Kwa kitu kisichosogea taima ni sawa na rimoti yoyote, tena haina waya. Rimoti inashinda pale unapohitaji kuchagua wakati: upepo unatulia kidogo, unabonyeza.

Waya uuache ulegee. Uliokazwa hupeleka mtikisiko wa mkono wako moja kwa moja kwenye kamera, na unaoning'inia kwenye upepo hugonga mguu wa tripodi. Programu ya simu nayo inafaa, ingawa huwa inachelewa.

Kuhusu sekunde 2: kwa lenzi ya 200mm juu ya tripodi imara, ndiyo. Kwa 500mm, usikisie. Washa Live View, kuza mara 10, gonga mguu wa tripodi kwa kidole na uhesabu hadi taswira itulie. Ikichukua sekunde tatu, taima ya 2 inakuletea picha wakati kamera bado inayumba kutokana na mbonyezo wako. Tumia ya 5 au 10.

## Tripodi yenyewe

11. Sehemu gani ya tripodi inaleta matatizo zaidi?

Nguzo ya katikati iliyopandishwa, bila mashindano. Ukiipandisha umeweka lenzi nzito juu ya fimbo moja, na ile miguu mitatu uliyoinunua haina kazi tena. Ishushe kabisa hata kama itabidi upige magoti. Inayofuata ni vipande vya chini vya miguu, ambavyo ndivyo vyembamba. Vifungue mwisho, na kama urefu unatosha, usivifungue kabisa.

Kisha kagua maungio. Lenzi yenye pete yake ifungwe kwa pete, si kwa tumbo la kamera, maana uzito ukining'inia mbele kichwa cha tripodi kinainama na kutikisika kwa kila mguso. Mguu wa lenzi wenyewe mara nyingi ni mrefu na mwembamba ili uwe mpini wa kubebea, na hapo ndipo lenzi nyingine nzuri huyumba. Shika mdomo wa lenzi uusukume kwa upole: kinachopinda ni kipi? Ukiona kwa jicho, sensa inaona mara elfu.

Mkanda wa kamera uvue. Upepo ukiupiga unafanya kazi ya kidole. Kingajua kirefu cha lenzi nacho kinakamata upepo. Kama jua haliko mbele yako, kivue pia.

12. Ninung'inize mfuko katikati ya tripodi? Na kidhibiti mtikisiko kizimwe?

Mfuko unasaidia ukiwa umegusa ardhi. Ukining'inia huru, upepo unaubembeza, nao unaibembeza tripodi. Urefushe kamba hadi mfuko ukae chini kidogo huku kamba ikiwa imekazika.

Kidhibiti, kile chenye alama ya IS, VR au OSS, kizime ikiwa kamera imefungwa imara na unatumia rimoti. Cha zamani kikikosa mtikisiko wa mkono huanza kutafuta, na taswira inaelea polepole. Utaiona ikitembea kwenye Live View. Vya siku hizi vingi vinatambua tripodi vyenyewe. Lakini kichwa cha tripodi kikiwa kimelegezwa na mkono uko juu ya lenzi, kiache kikiwa kimewashwa.

## Hali za pekee

13. Kamera yangu haina kioo. Nimepona?

Umepona kioo, bado shata. Shata ya mapazia ya chuma kwenye kamera hizi lazima ifungwe kwanza, kwa sababu sensa ilikuwa wazi ikikuonyesha taswira, ndipo pazia la kwanza lifunguke kuanza picha. Mgoto huo ni mdogo kuliko wa kioo, lakini unatokea papo hapo picha inapoanza, na huonekana zaidi karibu na 1/60 hadi 1/200.

Dawa yake iko kwenye menyu: `Elec. 1st-curtain` kwa Canon, `e-Front Curtain Shutter` kwa Sony, `Electronic front-curtain shutter` kwa Nikon. Picha inaanzishwa na sensa yenyewe bila chuma kusogea, na pazia linafunga tu mwishoni. DSLR kadhaa zinayo pia. Kwenye Nikon D810 inafanya kazi ukiwa kwenye `Mup` tu, na wengi hawaoni tofauti kwa sababu wameiwasha wakiwa kwenye namna nyingine. Shata ya kielektroniki kamili haina mgoto wowote, ila hupindisha vitu vinavyokwenda kasi na huleta michirizi chini ya baadhi ya taa.

14. Ndege hanisubiri nipandishe kioo. Nifanyeje?

Tumia njia ya pili ya swali la 6. Legeza kichwa kidogo, laza mkono wa kushoto juu ya lenzi, sawa na mahali mguu wake ulipo au mbele kidogo, uache uzito wa mkono ushuke wenyewe bila kukamua. Bandika uso kwenye kamera. Kidole kisipige kitufe, kikandamize taratibu hadi shata ifyatuke, kisha kibaki hapohapo.

Piga nne au tano mfululizo. Ya kwanza ndiyo yenye mtikisiko wa kidole, na mara nyingi ya pili au ya tatu ndiyo kali. Ndege akiwa ametulia na nuru imepungua, njia hii inaweza kukupa picha inayofaa kwa 1/30 na lenzi ya 500mm, ingawa utatupa nyingi. Kama ISO inaruhusu 1/250, panda huko.

15. Napiga taa za mbali kwa sekunde kadhaa, na kila taa ina kijimkia. Si mlisema sekunde ndefu ni salama?

Ni salama kwa vitu vya mwangaza wa kawaida. Taa kali haihitaji sekunde 8 kujiandika. Inatosha ile nusu sekunde ya kwanza wakati kamera inayumba, na mkia unabaki juu ya giza palipotulia.

Ikiwa kioo huwezi kukiinua mapema, tumia kadi nyeusi. Weka shata kwenye `Bulb`, funika mdomo wa lenzi kwa kadi bila kuugusa, fungua shata kwa rimoti, subiri sekunde tatu au zaidi. Ondoa kadi, hesabu muda unaoutaka, irudishe, ndipo ufunge shata. Kadi ndiyo inayokuwa shata, na haijagusana na kamera popote. Chini ya sekunde moja mkono hauwezi kuhesabu sawasawa, na kwenye nuru kubwa nuru hupenya pembeni mwa kadi, kwa hiyo njia hii ni ya usiku.